Sufuria ya Kila Siku Isikae Chini ya Sufuria ya Idi

Juma lililopita tuliahidi kuzungumzia vyombo vya kupikia katika jiko dogo. Tulikusudia kuandika kwa wepesi, lakini kilichotusukuma kulichagua jambo hili hakikuwa chepesi, na ni haki msomaji akijue kabla hatujaingia katika vipimo na hesabu.

Jikoni mwetu mifuniko ya sufuria ilikuwa imetundikwa kwenye misumari ukutani, juu kabisa ya jiko la gesi. Ilipendeza kuitazama, na kwa miaka mingi tuliihesabu kuwa mapambo ya jiko. Jioni moja binti yetu mkubwa alinyoosha mkono juu ya moto ili atwae mfuniko wa sufuria ya wali. Mfuniko ule ulikuwa nyuma ya mingine miwili, kwa hiyo ilimbidi ainame mbele na kupapasa. Ncha ya ushungi wake ikagusa moto. Mama yake alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, akauvuta ushungi na kuukanyaga chini. Binti aliungua sehemu ndogo ya mkono, karibu na kiwiko. Tuliuweka mkono ule chini ya maji ya bomba kwa dakika 20, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu ukapona, ukabaki na alama tu.

Usiku ule, baada ya watoto kulala, tulisimama jikoni na kujiuliza: kwa nini kitu kinachotumika karibu kila siku kiliwekwa mahali ambapo kukifikia ni lazima kupita juu ya moto? Jibu lilikuwa kwamba hakuna aliyepapanga. Msumari ulikuwapo tulipohamia, nasi tukatundika. Na tulipotazama vyombo vingine tuliona hali ni ile ile. Kila chombo kilikuwa mahali pake kwa sababu ya ukubwa wake, au uzuri wake, au kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi siku kilipoletwa. Hakuna hata kimoja kilichowekwa kwa kufuata mara ngapi kinatumika.

Jiko lenyewe na vilivyomo

Nyumba yetu ni ya vyumba vichache, na jiko lake lina upana wa mita 1.8 na urefu wa mita 2.1. Kwenye ukuta mrefu kuna meza ya saruji yenye kimo cha sentimita 85. Upande wa kulia wa meza limekaa jiko la gesi la pleti mbili, ambalo huchukua sentimita 70, na upande wa kushoto kuna sinki. Chini ya meza kuna kabati dogo lenye mlango mmoja, na pembeni yake mtungi wa gesi umekaa mahali pa wazi. Juu ya jiko palikuwa na ubao mmoja wa kuwekea vyombo, na chini ya ubao ndipo ilipokuwa ile misumari ya mifuniko. Uani tuna jiko la mkaa, kwa ajili ya maharage, makande, na wali tunapotaka kuupalia.

Tulivitoa vyombo vyote nje na kuvipanga juu ya mkeka. Tulihesabu sufuria 12, kikaango kidogo, kikaango kikubwa, chuma cha chapati, karai la maandazi, na mifuniko 17. Yaani vyombo 16 vya kuweka motoni, na mifuniko mingi kuliko vyombo. Bi Mkubwa, mama yetu mzazi tunayeishi naye, alikuwa amekaa kizingitini akitutazama. Akasema, "Wanangu, hivyo mnavyovihesabu leo, mie nilivihesabu siku vilipoingia. Swali si vingapi. Swali ni nani anayefanya kazi na nani anayekaa tu."

Basi tukaamua kufanya kama alivyosema, lakini kwa kalamu.

Kuhesabu kabla ya kupanga

Tulibandika karatasi kwenye mlango wa kabati, tukaandika jina la kila chombo, na kalamu tukaifunga kwa uzi hapo hapo. Kila chombo kilipowekwa motoni, aliyekiweka alichora mstari mmoja mbele ya jina lake. Tulifanya hivyo kwa siku 14. Tulichagua majuma mawili kwa sababu juma moja hudanganya: huenda ni juma la wageni, au ni juma ambalo mkaa umeadimika. Majuma mawili ya kawaida huonyesha mwendo wa nyumba ulivyo.

Kabla ya kuhesabu, kila mmoja wetu alitaja chombo alichodhani kinatumika zaidi. Wengi wetu tulisema sufuria ya wali. Tulikosea. Sufuria ndogo ya chai ilipata mistari 29, maana hutumika asubuhi na jioni, na siku moja ilitumika mara tatu. Sufuria ya mchuzi na mboga ilipata 19. Sufuria ya wali ilipata 13, ya ugali 10, kikaango kidogo 9, na sufuria ya maziwa 8. Baada ya hapo mistari ikakatika ghafla. Chuma cha chapati kilipata 3, karai la maandazi 2, sufuria ya maharage 2, na sufuria ya presha 1. Vyombo sita vilivyobaki havikupata hata mstari mmoja: kikaango kikubwa, sufuria tatu kubwa za shughuli, sufuria moja iliyobonyea ubavuni, na nyingine iliyolingana kabisa na ile ya mchuzi, tuliyopewa zawadi.

Jumla ilikuwa mistari 96. Katika hiyo, 88 ilikuwa ya vyombo sita tu. Yaani vyombo sita kati ya 16 ndivyo vilivyokuwa vikiibeba nyumba. Sasa tazama mahali vilipokuwa: ubao wote, mahali bora kuliko pote jikoni, ulikuwa umechukuliwa na zile sufuria tatu kubwa na kikaango kikubwa, vyombo visivyokuwa na mstari. Sufuria tano za kila siku zilikuwa ndani ya kabati la chini, zimetiwa moja ndani ya nyingine, ya wali ikiwa ya nje kabisa na ya chai ikiwa ndani ya zote.

Kutia sufuria moja ndani ya nyingine huokoa nafasi, lakini nafasi hiyo hulipiwa kwa kazi. Ili kuipata sufuria ya wali ilipasa kuinama, kuvuta fungu lote, kutoa sufuria nne zilizomo ndani, kisha kuzirudisha. Kutoa na kurudisha peke yake ni matendo manane ili kupata chombo kimoja. Kwa mara 13 ni matendo 104 katika majuma mawili. Kwa kweli hayakufika idadi hiyo, kwa sababu mpishi aliyechoka huacha kuzirudisha. Na hapo ndipo zilipotoka zile sufuria zilizokuwa zikizagaa mezani na sakafuni kila jioni. Tulikuwa tukiwagombeza watoto kwa kutorudisha vyombo mahali pake, kumbe mahali penyewe ndipo palipokuwa na kasoro.

Kugawa nafasi

Baada ya kuhesabu, tuliligawa jiko kwa njia nyepesi. Mmoja wetu alisimama mbele ya jiko la gesi, mahali mpishi anaposimama, bila kuinua visigino na bila kuinama. Tukaweka alama za chaki kila mahali mkono wake ulipofika, tangu usawa wa nyonga hadi usawa wa bega. Mahali hapo ni padogo, lakini ndipo penye thamani kubwa kuliko sehemu nyingine zote. Kisha tukafuta kila alama iliyokuwa juu ya moto au nyuma yake. Mahali pa kufikiwa kwa kupitisha mkono juu ya moto pasihesabiwe kuwa karibu, hata kama ni pa karibu kwa kipimo cha futi.

Kilichobaki kilikuwa ukuta ulio kati ya jiko la gesi na mwisho wa sinki, urefu wa sentimita 140. Tulimwita fundi akauondoa ubao juu ya jiko, akaufunga kwenye ukuta huo, sentimita 45 juu ya meza. Hapo upo usawa wa kifua cha mtu mzima, na hata binti yetu wa miaka kumi na miwili anaufikia. Ubao wenyewe una urefu wa sentimita 120.

Je, sufuria tano za kila siku zitaenea bila kutiwa moja ndani ya nyingine? Tulizipima kutoka ukingo hadi ukingo, maana sufuria zetu zina ukingo uliolala kwa nje, na anayepima tumbo peke yake ataona fungu halienei. Ya wali ilikuwa sentimita 28, ya ugali 26, ya mchuzi 24, ya chai 20 na ya maziwa 18. Jumla ni 116. Zikaenea, zikabaki sentimita nne. Kikaango kidogo tulikitundika kwa mpini wake kwenye ncha ya ubao iliyo upande wa sinki, ili mpini usielekee motoni.

Tulizipanga kwa mistari yake: ya chai karibu kabisa na jiko, kisha ya mchuzi, ya wali, ya ugali, na ya maziwa mwisho. Kila moja hukaa imepinduliwa kifudifudi, na hupatikana kwa mkono mmoja bila kugusa nyingine. Hiyo ndiyo kanuni tuliyojiwekea kwa vyombo vya kila siku: mkono mmoja, tendo moja. Ikiwa ubao wa msomaji ni mfupi, na tunajua wengi wana nusu ya nafasi hii, basi atie mbili mbili, si zaidi, na ile yenye mistari michache iwe ya chini. Katika fungu la mbili hutoa moja tu. Katika fungu la tano utaanza tena ule mchezo wa matendo manane.

Vyombo vya kila juma, yaani chuma cha chapati, karai, na sufuria ya presha, viliingia katika kabati la chini, kwa mbele. Hapa kuna jambo ambalo hesabu ya mistari peke yake haisemi, nalo ni uzito. Chuma cha chapati ni kizito. Kwa mistari yake kingeweza kudai nafasi ya juu kuliko karai, lakini chombo kizito kisiwekwe juu ya usawa wa nyonga, hata kikitumika kila siku. Kikiponyoka kutoka juu kitavunja mguu, au kitaangukia sufuria yenye mchuzi unaochemka. Mistari huamua kipi kiwe mbele na kipi kiwe nyuma. Uzito huamua kipi kiwe chini.

Sufuria ya maharage tuliihamishia uani, kwenye kichanja kilicho kando ya jiko la mkaa. Ina masizi, na hutumika huko huko. Chombo kikae kinapotumika. Tukikiweka ndani, kila kinapopita kitachafua vingine, na mtu atakibeba kwenda na kurudi bila sababu.

Mifuniko

Mifuniko ndiyo iliyotushughulisha zaidi, kama inavyowashughulisha wengi. Kosa la kawaida ni kuuweka kila mfuniko juu ya sufuria yake. Kwa chombo kinachokaa muda mrefu bila kutumika, hewa hufungika ndani, unyevu uliobaki haupati njia, na sufuria hutoka na harufu ya uvundo. Kwa chombo cha kila siku, mfuniko uliowekwa juu humaanisha hakuna kitu kingine kitakachokaa pale, na nafasi hupotea. Kosa la pili ni kuilaza mifuniko yote katika fungu moja. Unaoutaka huwa chini, na ukiuvuta, mingine huporomoka kwa kishindo.

Kwanza tuliijaribu yote. Tulizipanga sufuria, tukachukua mfuniko mmoja mmoja na kuujaribu kwa kila sufuria. Tuligundua jambo ambalo hatukuwa tumelizingatia: kwa kuwa sufuria zetu zina ukingo uliolala, mfuniko mkubwa kidogo hukaa vizuri juu ya sufuria ndogo kidogo. Mfuniko wa sufuria ya wali ulifaa pia ile ya ugali, na wa chai ulifaa ile ya maziwa. Kwa hiyo sufuria tano za kila siku zilihitaji mifuniko mitatu tu. Mipaka ipo: wali hutaka mfuniko unaokaa sawasawa ili mvuke usitoroke, kwa hiyo ule wa wali usichaguliwe kwa kukadiria. Na wali na ugali zikipikwa wakati mmoja, mfuniko mmoja hautoshi. Kwetu hilo hutokea kwa nadra, na siku hiyo sinia husitiri.

Katika ile 17, mitatu ikawa ya kila siku. Mmoja ulikuwa wa maharage, mitatu ya sufuria kubwa, na miwili ya zile sufuria mbili zisizotumika. Mmoja mzee, wa chuma kitupu, ndio tunaoutumia kupalia wali kwa kuweka makaa juu yake. Huo tuliutenga na kuupeleka uani pamoja na koleo la makaa. Mfuniko wenye kishikio cha plastiki usitumike kwa kazi hiyo, maana kishikio huyeyuka. Ilibaki saba: minne ilikuwa nakala ya mingine, na mitatu haikuingia kwenye sufuria yoyote tuliyo nayo. Sufuria zake zilikwisha toboka zamani, nasi tuliendelea kuitunza mifuniko kama ukumbusho.

Kwa ile mitatu ya kila siku, fundi alifunga ukutani ubao mwembamba, chini ya ubao wa sufuria, sentimita 25 juu ya meza. Aliweka vipande vidogo vya mbao nyuma yake ili uachane na ukuta kwa sentimita mbili. Mfuniko huteremshwa katika upenyo huo, uso wake wa ndani ukielekea ukutani, na kishikio chake hukamata juu ya ubao na kuuzuia usianguke. Ukiuinua kidogo umetoka. Kimo kile hakikuchaguliwa ovyo. Mfuniko mkubwa wa sentimita 28 huning'inia sentimita 14 chini ya kishikio, hivyo hubaki nafasi ya kutosha chini yake kwa kazi za mezani, na juu yake haugusi ubao wa sufuria.

Tulifikiria kwanza kufunga kipande hicho ndani ya mlango wa kabati, kama tulivyoona kwa jamaa zetu. Ikiwa msomaji atafanya hivyo, apime kwanza kimo cha kishikio. Kishikio hutokeza kwa ndani, na kama rafu ya kabati imefika mpaka mlangoni, mlango hautafungika. Pia mifuniko ikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa humo. Kabati la mbao za kubandikwa likilowa kila siku huvimba na kubanduka kuanzia chini.

Na kwa mpangaji ambaye mwenye nyumba hamruhusu kutoboa ukuta, kichanja cha zamani cha kuanikia sahani kinatosha. Mifuniko isimamishwe humo kama vitabu, mikubwa nyuma na midogo mbele, kichanja kiwe pembeni mwa meza mbali na moto. Kila mfuniko uonekane kishikio chake.

Mwisho tuliweka alama. Kwa ncha ya msumari tulichora namba ndogo kwenye ukingo wa kila sufuria, na namba ile ile kwenye mfuniko wake. Mfuniko unaofaa sufuria mbili ukapata namba mbili. Mgeni anayekuja kusaidia jikoni haulizi tena.

Sufuria za Bi Mkubwa

Zilibaki zile sufuria tatu kubwa, na hapa kalamu haikutosha. Kwa hesabu zilikuwa na sifuri. Lakini mbili kati yake Bi Mkubwa alipewa na marehemu mama yake siku ya harusi, na alizoea kuziona ubaoni zikimetameta. Tulipoziteremsha alinyamaza, na sisi tuliomjua tangu utotoni tulifahamu ukimya ule.

Tulikaa naye. Tulimwambia, "Mama, hatuziondoi nyumbani. Tunaziondoa motoni tu." Akajibu, "Najua. Lakini kitu kikishawekwa nyuma ya pazia, siku moja mtu atasema hakina kazi."

Alikuwa na haki. Tofauti ya chombo kisichotumika na chombo kinachotumika kwa msimu ni kubwa, na hesabu ya siku 14 haiwezi kuiona. Sufuria iliyobonyea haitakuwa na kazi hata baada ya mwaka. Sufuria ya pilau ya Idi ina kazi mara mbili kwa mwaka, na siku hizo hakuna nyingine itakayoshika nafasi yake. Kwa hiyo tulimwomba Bi Mkubwa mwenyewe atutajie kila chombo kilichokuwa na sifuri kilitumika lini mara ya mwisho, naye akakumbuka yote. Sufuria mbili za mama yake zilipika Idi iliyopita na hitima ya jirani. Ya tatu ilikuwa haijaguswa tangu walima wa kaka yetu, miaka sita nyuma. Kikaango kikubwa hutoka kwa samaki wageni wakija.

Sufuria mbili zikawekwa juu ya kabati la nguo chumbani kwake, ndogo ndani ya kubwa, kitambaa kikiwa kati yake zisikwaruzane, zimepinduliwa na kufunikwa kanga kuukuu ili vumbi na mende wasiingie. Hapo kutia moja ndani ya nyingine hakuna ubaya, maana hakuna atakayezitoa kila siku. Ya tatu tulikubaliana na nyumba mbili za majirani iwe ya wote watatu, ikae kwa mwenye stoo. Chini yake tuliandika jina letu kwa rangi, kama ilivyo desturi kwa vyombo vya shughuli, ili isipotee katikati ya za watu. Iliyobonyea na mifuniko mitatu isiyo na sufuria tulimpa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ile sufuria ya zawadi iliyolingana na ya mchuzi, pamoja na mfuniko wake na ile minne ya nakala, tulimpa binti wa jirani aliyekuwa akianza maisha.

Ramadhani ikikaribia

Mpango huu haudumu mwaka mzima, na asiyelijua hili ataulaumu bure. Ukifika mwezi wa Ramadhani, mistari hubadilika. Sufuria ya ugali, iliyokuwa na nafasi yake ubaoni, hupumzika karibu mwezi mzima. Karai, lililokuwa la mara moja kwa juma, huingia motoni kila alasiri kwa ajili ya sambusa na kaimati. Sufuria ya uji, ambayo kwetu ni ile ile ya maziwa, hutumika kila siku, na futari ya mihogo au magimbi ya nazi hudai sufuria pana.

Kwa hiyo katika juma la mwisho la Shaabani tunabadilisha, kwa kanuni moja: kinachoingia kitoe kingine. Ya ugali inashuka kabatini na kikaango kikubwa kinapanda kushika nafasi yake kwa samaki wa futari, nacho hakina upana zaidi yake. Karai haliendi ubaoni, kwa kuwa ni zito. Linasogezwa mbele kabisa ya kabati, na chuma cha chapati kinarudi nyuma. Idi ikipita, sufuria za Bi Mkubwa zikishaoshwa na kukauka, kila kitu kinarudi.

Faida yake tuliiona zaidi wakati wa daku. Saa kumi usiku mpishi ana usingizi, taa ni hafifu, na watoto wadogo wamelala chumba cha pili. Zamani fungu la mifuniko lilikuwa likianguka na kuamsha nyumba nzima. Sasa mkono unakwenda mahali pamoja na kurudi.

Hatutasema kila kitu kimekamilika. Mwezi wa kwanza vyombo vilikuwa vikirudishwa popote, mpaka tulipochora kwa chaki juu ya ubao duara la kila sufuria, na hata mdogo wetu wa miaka saba akajua pa kuirudisha. Na bado siku za wageni meza hujaa. Lakini kila baada ya miezi sita tunaibandika karatasi tena kwa siku 14, kwa sababu watoto hukua, mapishi hubadilika, na sufuria iliyokuwa ya maziwa ya mtoto mchanga hubaki ubaoni miaka miwili baada ya mtoto kuanza kula wali.

Ukuta ulio juu ya jiko la gesi sasa ni mtupu. Yamebaki matundu ya misumari, hatujayaziba. Binti yetu alipouliza kwa nini, Bi Mkubwa alimjibu kabla yetu: "Yaache, mjukuu wangu. Siku mtu akitaka kutundika kitu pale, atauliza kwanza."

Juma lijalo, inshaallah, tutazungumzia namna ya kutunza unga na mchele usiingie wadudu katika jiko lisilo na stoo. Wabillahi tawfiq.